"Kamati Iliidhinisha": Kwa Sababu Gani?

Tarehe 26 Septemba 1995, kamati ya bodi inayopanga malipo ya wakuu wa kampuni ya Disney, huko Marekani, ilikaa kwa muda wa saa moja hivi. Miongoni mwa wajumbe wake wanne alikuwemo Sidney Poitier, yule mwigizaji mashuhuri wa filamu. Ajenda mojawapo ilikuwa mkataba wa miaka mitano wa Michael Ovitz, aliyekuwa akiajiriwa kuwa rais wa kampuni. Wajumbe waliwekewa mezani karatasi ya masharti makuu, si rasimu kamili ya mkataba, nao wakaidhinisha. Desemba 1996, baada ya miezi 14 hivi, Ovitz aliachishwa kazi. Kwa kuwa mkataba ulimlinda mtu anayeondolewa bila kosa, aliondoka na takriban dola milioni 130.

Wenye hisa wakaenda mahakamani Delaware. Kesi ilisikilizwa kwa siku 37, na ikabidi wajumbe waeleze kwa mdomo walichokijua miaka tisa nyuma. Kinachosikitisha ni kwamba hesabu ilikuwepo. Mjumbe mmoja, Raymond Watson, alikuwa ameipiga na kuijadili na mwenyekiti wa kamati pamoja na mtaalamu wa malipo, lakini wenzao wawili hawakugawiwa majedwali hayo.

Wakurugenzi walishinda, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Rufaa ya jimbo hilo ikaunga mkono uamuzi huo. Hata hivyo, majaji walieleza jambo hilo lilivyopaswa kufanywa: kila mjumbe apewe jedwali linaloonyesha Ovitz angelipwa kiasi gani katika kila hali inayoweza kutabirika, mtaalamu alifafanue, kisha liwe kiambatisho cha kumbukumbu za kikao. Kwa maneno mengine, karatasi moja ingepunguza sehemu kubwa ya mahojiano yale ya mahakamani.

Tulilete jambo hili karibu, kwa mfano wa kubuni. Chama cha ushirika kinataka kukopa shilingi milioni 600 kujenga ghala. Benki ya kwanza inatoza riba ya asilimia 16 kwa mwaka na inataka deni liishe kwa miaka mitatu. Ya pili inatoza asilimia 18, lakini inatoa miaka mitano. Zote zinapunguza riba kadiri deni linavyopungua, na marejesho ni mara moja kila mwisho wa mwaka. Ukijumlisha riba yote, benki ya kwanza itachukua milioni 192 na ya pili milioni 324. Kamati inachagua ya pili.

Sasa fikiria kumbukumbu zinazosema tu: "Baada ya majadiliano marefu, kamati iliidhinisha mkopo." Mkaguzi akija baada ya miaka mitatu ataona watu waliokubali kulipa milioni 132 zaidi, na hawezi kulaumiwa akihisi kuna mtu aliyekula kitu kidogo.

Sababu halali ilikuwepo. Mwaka wa kawaida chama hubakiwa na milioni 340 za kulipia madeni. Mavuno yakipungua kwa robo, na mapato hayo nayo yakashuka kwa kiasi hichohicho, zinabaki milioni 255. Benki ya kwanza ingedai milioni 296 mwaka wa kwanza, yaani 200 za mtaji na 96 za riba. Ya pili ingedai 228. Kwa hiyo kamati ilinunua nafasi ya kupumua mwaka wa ukame, ikijua bei yake. Aya moja yenye tarakimu hizo, pamoja na jedwali nyuma yake, inatosha kabisa.

Aya hiyo pia itaje njia iliyokataliwa bila kukopa, kwa mfano kupanga ghala la mtu kwa misimu miwili, na kwa nini haikufaa. Itaje hatari iliyobaki: mavuno yakishuka kwa theluthi moja, zitabaki milioni 227 hivi, na hata benki ya pili haitalipika kikamilifu. Kama mjumbe mmoja ana ndugu katika benki hiyo, iandikwe kwamba alitangaza maslahi yake na kutoka nje kabla ya mjadala. Nani alibishana na nani si lazima iandikwe. Kumbukumbu si kanda ya sauti.

Kumbukumbu za kutia shaka hazijifichi sana. Aya za sababu zimenakiliwa neno kwa neno kutoka ombi la menejimenti, kiambatisho kinatajwa lakini hakipo kwenye jalada, au faida zimejaa ukurasa mzima na hatari zimepewa mstari mmoja.

Mara nyingi kumbukumbu huthibitishwa mwanzoni mwa kikao kinachofuata, wajumbe wakiwa na haraka ya kufika kwenye ajenda mpya. Wewe uliye mjumbe, usiridhie zithibitishwe mpaka uone jedwali limeambatishwa na sababu iliyokushawishi imo ndani.