Kamera Iliyofutwa Konani

Septemba 2013, katika mkoa wa Idlib nchini Syria, mpiga picha Narciso Contreras alimpiga picha mpiganaji wa upinzani aliyekuwa akijikinga wakati wa mapambano na majeshi ya serikali. Kwenye kona ya chini, upande wa kushoto, ilionekana kamera ya video ya mwandishi mwenzake. Contreras aliona inaiharibu picha. Akachukua kwa kompyuta vipande vya mandhari ya jirani, akavibandika juu ya kamera ile hadi ikapotea, kisha akaituma picha kwa shirika la habari la Associated Press, AP.

Baadaye yeye mwenyewe aliwaeleza wahariri alichofanya. Januari 2014 AP ikavunja uhusiano naye, ingawa mwaka uliotangulia alikuwa miongoni mwa wapiga picha watano wa shirika hilo waliotunukiwa Tuzo ya Pulitzer kwa kazi yao katika vita hivyohivyo.

Wengi wataona adhabu hiyo ni kali. Mpiganaji alikuwepo kweli na mapigano yalikuwa ya kweli, sasa kifaa cha mwandishi kilichotelekezwa konani kina habari gani? Naamini kina habari kubwa. Kilimwambia mtazamaji kwamba mtu yule hakuwa peke yake na bunduki yake, na kwamba waandishi walikuwa karibu wakimrekodi. Mtazamaji ana haki ya kujiuliza kama mtu hubadili mwenendo akijua anarekodiwa. Kamera ilipofutwa, swali hilo lilifutwa pamoja nayo, naye hakujua kwamba amenyimwa kitu.

Halafu kuna hasara ya pili. AP ililazimika kulinganisha picha 494 za Contreras na faili zake za awali. Haikukuta nyingine iliyochezewa, lakini zote ziliondolewa kwenye hifadhi iliyo wazi kwa umma. Mhariri aliye Nairobi au Dar es Salaam hana namna ya kwenda Idlib kuhakikisha kilichokuwepo. Anapokea picha na maelezo yake, anachapisha. Akishajua kwamba mpiga picha aliwahi kufuta kitu, hata kidogo, hana tena msingi wa kuiamini picha inayofuata.

Je, picha ya habari haiguswi kabisa? Inaguswa. Kanuni za AP zinaruhusu kupunguza kingo, kuigeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, kuondoa madoa ya vumbi lililoganda ndani ya kamera, na kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi kinachohitajika ili picha ionekane sawasawa. Ni kazi zilezile zilizofanywa zamani kwenye chumba cha giza, ambako fundi aliweza kuupa uso uliofichwa na kivuli mwanga zaidi. Doa la vumbi hufutwa kwa sababu halikuwepo mbele ya kamera. Lakini hata macho yaliyogeuka mekundu kwa sababu ya taa ya kamera, AP hairuhusu yasahihishwe.

Mpaka huo ulionekana waziwazi mwaka 2010, katika shindano la World Press Photo. Stepan Rudik alikuwa ameshinda tuzo kwa mfululizo wa picha za mapigano ya mitaani mjini Kiev. Katika mojawapo, picha ya awali ilikuwa ya rangi na pana, yenye watu kadhaa. Rudik aliikata mpaka ikabaki hasa mikono inayofungwa bendeji, akaifanya nyeusi na nyeupe, akaikoleza vivuli. Yote hayo hayakumponza. Kilichomwondoa shindanoni ni ncha ya mguu wa mtu iliyokuwa ikichungulia nyuma ya mikono ile, naye akaifuta.

Kwa macho, kukata kingo kulibadilisha mengi zaidi kuliko kufuta ule mguu. Tofauti ni kwamba picha iliyokatwa haina kitu ambacho kamera haikukiona. Imebaki ndogo tu, kana kwamba mpiga picha alisogea karibu. Palipofutwa mguu, pamebandikwa kitu ambacho hakikuwepo hapo.

Hata kilichoruhusiwa kina kikomo. Kukata kingo kukimwondoa aliyeanza ugomvi na kumbakiza anayejibu, ni upotoshaji. Mwanga nao una kikomo chake. Juni 1994 magazeti ya Time na Newsweek yalitumia jaladani picha ileile ya polisi ya O. J. Simpson, aliyeshtakiwa kwa mauaji. Yalipowekwa mezani pamoja, kila mtu aliona kwamba Time limeufanya uso wake kuwa mweusi zaidi na wa kutisha. Hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa, lakini mtuhumiwa alikuwa amepakwa hatia kwa kivuli.

Kwa hiyo siku hizi World Press Photo huwataka wanaofika hatua za mwisho walete faili ghafi, yaani kumbukumbu ya mwanga kama kamera ilivyoupokea kabla ya marekebisho yoyote. Wachunguzi huiweka kando ya picha iliyowasilishwa, wakazipitia zote mbili sehemu kwa sehemu.