Maelezo Chini ya Picha

Binti yangu aliniletea picha na kalamu, akaniomba niandike nyuma yake maneno machache kabla haijatiwa kwenye fremu. Ilipigwa mwaka 2019 nje ya ukumbi wa wanaowasili katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, siku niliyorejea kutoka Maskati baada ya miaka kumi na mmoja. Nilidhani kazi hiyo ingenichukua dakika mbili. Ilinichukua jioni nzima.

Msomaji wa gazeti anajua jinsi maelezo ya picha yanavyoandikwa. Huanza kwa kutaja watu kutoka kushoto hadi kulia, kisha mahali, tarehe na shughuli iliyowakutanisha. Hayamwambii mtazamaji lile analoliona mwenyewe, wala hayadai kujua yaliyo moyoni mwa mtu. Kanuni hii ya pili ndiyo iliyonishinda. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyepiga picha, alikuwa amekwisha kupendekeza: "Furaha isiyo kifani." Uongo haumo katika maneno hayo, ila ukweli wote haumo vilevile.

Tazama kushoto. Mama yangu hakunishika kiganja, amenishika kifundo cha mkono. Mtazamaji atasema ni mapenzi, na ndiyo, yalikuwa mapenzi. Lakini kidole gumba chake kilikuwa kikitafuta kovu la panga nililolipata utotoni. Alipolipata ndipo alipolia.

Kulia kwangu amesimama binti yangu, na kati ya bega lake na langu pana nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Nilimwacha akiwa na umri wa miaka miwili. Sauti yangu aliijua kwa simu, ila mwili uliokuwa na sauti hiyo ulimtia haya. Alisema, "Shikamoo," akanyamaza. Neno "baba" halikufuata. Nikaitikia "Marahaba" kama mtu anayemwitikia mtoto wa jirani.

Nafasi ile nyingine, nyuma ya mama, ni ya marehemu baba. Aliaga dunia mwaka 2014. Ruhusa ya mwajiri haikupatikana, na pasipo ruhusa hiyo sikuweza kusafiri, kwa hiyo mazishi niliyasikiliza kwa simu, nimeketi katika chumba cha watu sita. Kamera haipigi picha ya mtu asiyekuwapo, lakini sote watatu tumesimama kana kwamba tumemwachia pa kupita.

Mahali nako kulinipa taabu. Kwa mazoea niliandika "Marereni, Wilaya ya Malindi, Mkoa wa Pwani", kama nilivyokuwa nikiandika kwenye bahasha. Binti akacheka. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na sisi sasa ni watu wa Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya hayo, picha haikupigwa Marereni. Kutoka uwanjani hadi kwetu ni zaidi ya kilomita mia moja na hamsini: unavuka daraja la Kilifi, unapita Malindi, unavuka Sabaki, kisha Gongoni. Hapo ndipo nilipoziona chungu za chumvi zikimeremeta upande wa bahari, kando ya yale mabwawa ambamo maji ya bahari huachwa yakaushwe na jua hadi chumvi igande. Baba alikuwa akiikwangua chumvi hiyo kwa koleo, na jioni nyayo zake zilikuwa zimepasuka. Nilipoziona chungu zile nilijua nimefika, kabla sijaiona nyumba.

Nyumbani nilipewa kiti cha pekee chenye mto, na maji katika bilauri ambayo dada yangu huitoa kwa wageni. Kila aliyekuja alinikaribisha. Kila nilipokaribishwa, moyo ulinituma kujibu kwamba hapa ni kwetu, lakini sikuwa najua tena ndoo inakaa wapi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya siku ya tatu dada alinikabidhi jembe bila ya maneno, akaelekea shambani. Sijawahi kupokea zawadi iliyonipendeza zaidi ya hiyo. Mchana binti akaja na mtungi wa maji, akaniita kutoka mbali kwa lile neno alilolizuia uwanjani.

Kwa hiyo nyuma ya picha nimeandika hivi: "Kutoka kushoto: mama, mimi na binti yangu. Baba hayupo, alifariki 2014. Mombasa, 2019, siku tatu kabla ya kufika nyumbani."

Mpwa wangu anasema nimekosea hesabu, kwani tulifika usiku uleule. Nimemwambia aiache ilivyo.