Kinyago cha Mpingo na Mnunuzi Asiyekishika

Mteja anayefika kwenye vibanda vya wachongaji pale Mwenge, Dar es Salaam, hufanya jambo moja kabla hajauliza bei: hukiinua kinyago. Mkono humwambia mengi. Mpingo ni mzito kuliko unavyoonekana, na mgeni ambaye hajawahi kuushika hushtuka kidogo kiganja kinaposhuka. Kisha hukigeuza, hupapasa mgongo, hutazama kitako kama kina ufa, hupitisha kidole kwenye kona. Kwa dakika mbili tu ameshapata picha ya anachokinunua.

Mnunuzi aliyeko Mombasa, Maskati au Hamburg hana nafasi hiyo. Anaona picha na maneno yaliyo chini yake. Kwa hiyo maneno yale yana kazi ya kuwa mkono wake: aina ya mti, vipimo, umaliziaji, uzito na namna ya kufungasha. Wauzaji wengi huyaandika kama vitu vitano visivyojuana, na uzito huuweka mwisho, kwa kukadiria. Hapo ndipo wanapopoteza nguvu ya tangazo lao, kwa sababu uzito ndio shahidi wa mengine yote.

Tuchukue kinyago kimoja tukifuate hadi kwenye boksi. Ni cha mtindo wa ujamaa, ule wa Wamakonde ambao watu hupandana na kushikana kuzunguka gogo moja. Kina kimo cha sentimita 40, na mahali kilipo kinene zaidi kina upana wa sentimita 13. Vipimo huchukuliwa kwenye ncha za mbali kabisa, pamoja na kiwiko au kichwa kilichochomoza, kwa kuwa boksi na rafu ya mnunuzi havipimi kiwiliwili peke yake. Kama kinyago kina kitako bapa, taja na upana wa kitako: hapa ni sentimita 11. Hicho ndicho kitakachomwonyesha mnunuzi kama kitasimama bila kuyumba.

Sasa mti. Kuandika “mti mweusi” hakutoshi, maana miti mingi inaweza kufanywa myeusi kwa dawa ya viatu. Andika mpingo, na pembeni yake jina la kitaalamu, Dalbergia melanoxylon, kwa sababu hilo ndilo watakalolisoma maofisa wa forodha wa nchi yoyote. Lakini kabla ya kuliandika, hakikisha. Wengine husugua kwa pamba yenye spiriti na kusema rangi ikitoka basi ni mti uliopakwa. Kipimo hicho kinadanganya, kwani mpingo halisi nao unaweza kuachia rangi kidogo kwenye spiriti. Afadhali ukwaruze kwa ncha ya kisu chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Mti uliopakwa utaonyesha kahawia au njano chini ya weusi. Mpingo utabaki na giza lake, mara nyingi weusi wenye kahawia au zambarau ndani yake. Dalili nyingine ni ule ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa chini ya gome. Wachongaji wengi huuacha kwa makusudi kwenye kitako au pembeni. Usiuite kasoro, uonyeshe kwenye picha na uutaje.

Hapa ndipo mizani inapoingia. Mpingo mkavu una uzito wa takriban kilo 1.2 hadi 1.3 kwa kila lita ya ujazo wake, ndiyo maana huzama majini. Mninga mkavu hauzidi sana nusu ya hapo, na huelea. Kinyago chetu kina uzito wa kilo 3.9. Kwa kuwa kimetobolewa huku na huku, huwezi kupata ujazo wake kwa kuzidisha vipimo vya nje. Jaza ndoo maji hadi ukingoni, iweke ndani ya beseni, zamisha kinyago taratibu kabla hakijapakwa nta, kitoe mara moja na ukifute. Maji yaliyomwagika kwenye beseni ni lita 3.1. Gawanya 3.9 kwa 3.1, unapata karibu 1.26. Sasa neno “mpingo” kwenye tangazo lina hesabu nyuma yake. Mnunuzi mwenye uzoefu naye ataisoma hesabu hiyo kwa namna yake: akiona kinyago kinene cha kimo hicho kimeandikwa kilo moja na nusu, atajua ama kimechimbwa sana ndani ama si mpingo.

Kuna mtego mmoja. Mti mbichi wa aina nyingine nao unaweza kuwa mzito kwa sababu ya maji uliyonayo. Basi uzito mmoja wa siku moja hauaminiki. Wachongaji hupenda gogo ambalo halijakauka kabisa, kwa vile mpingo mkavu huwa mgumu mno kwa patasi. Kazi inapokamilika, kinyago bado kinatoa maji. Kiweke kivulini, mbali na jua na upepo mkali, ukipime kila juma na uandike. Kinyago chetu kilianza na kilo 4.3, kikashuka hadi 4.1, halafu 4.0, halafu 3.9, kikakaa hapo majuma matatu mfululizo. Uzito ukiacha kushuka, ndipo uandike tangazo.

Asiyesubiri hulipa baadaye. Nyumba za Ulaya wakati wa baridi huwashwa moto, na hewa ya ndani huwa kavu kuliko ya pwani yetu. Kinyago chenye maji kikifika humo, sehemu ya nje hukauka na kusinyaa upesi huku ndani kukiwa bado kumejaa, na mti hupasuka. Ufa huanzia kwenye kitako au kichwani, pale gogo lilipokatwa, ukielekea katikati kama mshale wa gurudumu. Mnunuzi hudhani umevunjika njiani, na muuzaji hudhani mchukuzi amekosea, kumbe ufa ulipanda ndege ukiwa bado maji.

Umaliziaji nao una lugha yake. Neno “kimeng’arishwa” halimwambii mtu chochote. Eleza hatua: kimesuguliwa kwa msasa wa namba 120, kisha 240, kisha 400, kikapakwa nta isiyo na rangi na kusuguliwa kwa kitambaa. Mpingo mzuri hung’aa kwa kusuguliwa tu, hauhitaji vanishi. Kama umepakwa vanishi au dawa nyeusi, sema hivyo, kwa sababu mnunuzi atahitaji kujua namna ya kuusafisha. Na kama kulikuwa na ufa mdogo uliozibwa kwa unga wa mpingo na gundi, andika upo wapi na una urefu gani. Kasoro iliyotajwa huwa sehemu ya bidhaa, lakini iliyofichwa humrudishia muuzaji mzigo.

Uzito una kazi nyingine ambayo wengi hawaijui hadi mzigo ukwame. Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Kanuni zilirekebishwa mwaka 2019: bidhaa zilizokamilika hazihitaji kibali cha CITES ikiwa uzito wa mti huo ndani ya mzigo mmoja hauzidi kilo 10. Kinachohesabiwa ni mti, si boksi na makaratasi. Kinyago chetu kimoja kinapita. Viwili ni kilo 7.8, navyo vinapita. Vitatu vinafika kilo 11.7, na hapo kibali kinahitajika kabla mzigo haujaondoka. Msamaha huo haufuti kanuni za nchi unakotoka mzigo wala unakokwenda, kwa hiyo mwuzaji wa Tanzania aanze kwa kuuliza Wakala wa Huduma za Misitu.

Imebaki kufungasha, na hapa uzito hugeuka kuwa adui. Mpingo ni mgumu, lakini mkono mwembamba wa sanamu hukatika kwa urahisi. Boksi likianguka, kilo zote za kiwiliwili huendelea kwenda mbele wakati mkono umeshazuiwa, na hapo unakatika. Anza kwa kuziba matundu yote kwa karatasi laini nyeupe, ili sehemu nyembamba zishikiliwe kutoka ndani. Usitumie gazeti, kwani wino wake huweza kuchafua nta na ule ukanda mweupe. Funika kinyago chote kwa karatasi hiyo, kisha kwa sponji nyembamba, halafu kwa plastiki ya mapovu katika safu zinazojaza sentimita tano hivi kila upande. Boksi liwe la karatasi ngumu yenye safu mbili za mawimbi. Lifunge, ulitikise. Ukihisi kitu kinatembea ndani, lifungue ujaze tena.

Ukubwa wa boksi nao hulipiwa. Kampuni nyingi za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, hugawa kwa 5000, kisha hutoza uzito huo au ule wa mizani, wowote ulio mkubwa. Boksi letu la 52 kwa 25 kwa 25 linatoa kilo 6.5, ilhali mizani inasoma kilo 5 pamoja na vifungashio. Ukichukua boksi lililobaki dukani la 60 kwa 35 kwa 35, hesabu inatoa kilo 14.7. Kinyago ni kilekile, lakini nauli imezidi maradufu kwa ajili ya hewa.

Kinyago kikubwa kikihitaji kreti ya mbao, kumbuka kwamba mbao ghafi nene kuliko milimita 6 lazima ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi katikati ya ubao, na kugongwa muhuri wenye suke la ngano na herufi IPPC. Plaiwudi haibanwi na sharti hilo.

Baada ya kazi yote hiyo, tangazo lenyewe ni fupi:

“Kinyago cha ujamaa. Mpingo (Dalbergia melanoxylon), kiini cheusi chenye ukanda mweupe kitakoni. Kimo sm 40, upana sm 13, kitako sm 11. Uzito kilo 3.9, haujabadilika kwa majuma matatu. Msasa hadi namba 400, nta isiyo na rangi, hakuna dawa nyeusi wala vanishi. Ufa wa sm 2 chini ya kitako umezibwa kwa unga wa mpingo. Kinasafirishwa katika boksi la sm 52 × 25 × 25, jumla kilo 5.”

Mnunuzi akikipokea, atakiweka kwenye mizani ya jikoni kwake. Ikisoma 3.9, hatahitaji kukwaruza kitako.