Kanzu Nyeupe, Ukuta Mweupe

Tangu WhatsApp ilipoanza kupokea stika mwaka 2018, makundi ya familia yamejaa wajomba, mashangazi na watoto wanaolia, wote wamekatwa kutoka kwenye picha za nyumbani. Wengi wamekatwa vibaya. Malalamiko ni machache, pengine kwa sababu wenye sura hizo huwa hawana habari.

Tuchukue picha ya aina inayopatikana karibu kila simu ya pwani: mjomba yuko harusini, kavaa kanzu nyeupe, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa, kanyoosha kidole. Uso wake unasema "nimeshasema" bila kuhitaji maandishi. Ukiipeleka kwenye kifaa cha kukata, kofia inatoka safi, ndevu zinatoka, kidole kinatoka. Bega la kushoto limeliwa.

Kifaa kinajua umbo la binadamu lilivyo, lakini kitambaa kinaishia wapi hasa kinalazimika kukisia kwa tofauti ya rangi na mwanga. Bega la kulia lina kivuli chake ukutani, ndiyo maana limepona. La kushoto lilipigwa na flashi, na hapo nguo na chokaa ni weupe uleule. Dawa ni kuikuza picha mpaka bega lijae kwenye kioo, kisha kulirudisha kwa brashi ya kurejesha, polepole. Bega la kanzu linavumilia kukisiwa, maana ni mstari mmoja uliopinda. Nywele za timutimu hazivumilii: ukizifuata moja moja utakesha, ukizikata mviringo mtu anakuwa kama kavaa helmeti. Kwa nywele kama hizo ni nafuu kutafuta picha nyingine, yenye pazia au mlango wa rangi nyuma.

Hata pale palipokatwa vizuri, ukingoni kuna shida nyingine. Pikseli za mpakani hubeba rangi ya mtu na ya kilichokuwa nyuma yake, zimechanganyika. Mtu aliyesimama mbele ya majani hubaki na uzi wa kijani shingoni. Ukisogeza mkato ndani kwa pikseli moja au mbili, uzi huo unaondoka, na hakuna atakayegundua kwamba mjomba amekonda kidogo.

Ule mstari mweupe unaozunguka stika nao una kazi. Mwongozo wa WhatsApp kwa watengenezaji unapendekeza uwe na unene wa pikseli 8, kwa sababu soga ya mpokeaji inaweza kuwa na mandhari nyeupe, nyeusi au picha ya maua, na stika lazima isomeke kote. Kwa mjomba wetu mstari huo una fadhila ya ziada: unaungana na kanzu na kufunika makosa ya brashi.

Mwongozo huohuo unataka stika iwe mraba wa pikseli 512 kwa 512, na nafasi tupu ya pikseli 16 kila upande. Zinabaki 480. Ukimweka mjomba mzima, kofia hadi viatu, uso wake unapata pikseli 70 hivi, na ile hasira iliyokufanya uichague picha inageuka doa. Mkate kifuani, uubakishe mkono, na uso unafika 200 na zaidi. Lakini picha yenyewe iwe nazo. Iliyozunguka makundi kadhaa huwa imebanwa, na ukingoni ina chembechembe ambazo kifaa hudhani ni sehemu ya mtu. Mwombe aliyepiga akutumie faili halisi, kama hati.

Kisha kuna kuhifadhi. Hifadhi kwa PNG au WebP. JPEG haina mahali pa kuweka uwazi, kwa hiyo itajaza rangi nyuma, mara nyingi nyeupe, na kazi yako imerudi ukutani. Wapo pia wanaopiga picha ya skrini wakati programu inaonyesha vile viraka vya kijivu na vyeupe vinavyoashiria uwazi. Viraka vinaingia kwenye picha, na mjomba anafika kwenye kundi akiwa mbele ya ubao wa drafti.

Kabla ya kuituma, iweke juu ya nyeusi tupu, halafu juu ya rangi kali. Kwenye nyeusi utaona vipande vya ukuta vilivyobaki kati ya vidole, ambavyo kwenye soga nyeupe vilikuwa vimejificha. Kwenye rangi kali utaona matundu: kanzu iliyotobolewa huonyesha wekundu kifuani kama jeraha. Rekebisha hapohapo, kwa kuwa mpokeaji akishaiweka kwenye vipendwa vyake, kuufuta ujumbe kwako hakuiondoi kwenye simu yake. Toleo lenye bega lililoliwa ndilo litakalozunguka, na mjomba, siku akilifikia, hatauliza habari za pikseli. Atauliza nani aliyetoa picha.