Matusi ya Mteja Usiyapeleke Nyumbani

Leo tunazungumza nawe unayeuza dukani au unayepokea simu za wateja.

Tuseme una kibanda cha M-Pesa karibu na steji ya matatu mjini Nakuru. Mzee anaingia akifoka: "Wewe mwizi! Pesa zangu ziko wapi?" Ametuma shilingi 3,000 za karo kwa nambari isiyo sahihi. Moyo wako unaenda mbio na uso unapata moto. Mwili umejiandaa kupigana. Ukijibu sasa, utajibu kwa matusi.

Kwanza vuta pumzi kwa pua, kisha uitoe polepole, mara mbili au tatu. Kutoa pumzi taratibu hutuliza mapigo ya moyo. Halafu sema kwa sauti ya chini: "Pole mzee, karo si kitu kidogo. Hebu nionyeshe ule ujumbe." Hapo hujakubali kosa, umetaja kinachomuuma. Hakutukani wewe kwa kukujua. Anaogopa mtoto wake atafukuzwa shule.

Sasa mpe la kufanya: autume ujumbe huo wa M-Pesa kwa 456 haraka, kabla aliyepokea hajazitoa pesa. Usimwahidi kwamba zitarudi.

Akizidi kutukana, mwambie: "Nitakusaidia, lakini si kwa matusi." Akitishia kukupiga, usibishane. Toka nje, uite jirani.

Jioni, kabla ya kufika nyumbani, msimulie mwenzako yaliyotokea. Usipofanya hivyo, mtoto akimwaga uji, yeye ndiye atakayelipia hasira ya mteja.