Asili ya Dawa, Sehemu ya Nne: Metronidazoli, Fizi za Mgonjwa Mmoja na Hofu ya Kilevi

Wiki ya dunia ya kuhamasisha umma kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambayo huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, hurudisha mjadala wa dawa zinazonunuliwa bila kipimo. Miongoni mwa dawa hizo, metronidazoli, ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki huifahamu kwa jina la flajili, inastahili kutazamwa kwa makini kuliko nyingi, kwa kuwa imekwisha kugeuzwa dawa ya kila tumbo linalouma. Tofauti kati ya bakteria, virusi na vimelea vya chembe moja ilielezwa katika sehemu zilizotangulia, nayo haitarudiwa hapa.

Historia ya dawa hii inaanzia kwenye udongo. Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Japani walipata, kutoka kwa bakteria wa udongo wa jamii ya streptomisesi, kemikali waliyoiita azomisini, na baadaye ikabainika kuwa inaua trikomonasi, yaani kimelea chenye mikia midogo kinachoishi ukeni na katika njia ya mkojo, ambacho Mfaransa Alfred Donné alikiona kwa hadubini mjini Paris mwaka 1836. Kwa zaidi ya karne moja tangu kionekane, kimelea hicho hakikuwa na dawa ya kumeza iliyokiponya kwa uhakika. Wataalamu wa kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa waliichukua azomisini, wakabadilisha viungo vyake kimoja baada ya kingine wakitafuta iliyo na nguvu zaidi na sumu kidogo, na mwaka 1959 matokeo ya metronidazoli yakachapishwa. Ilikuwa dawa ya trikomonasi tu, wala hakuna aliyeikusudia kwa jambo jingine.

Mwaka 1962 ndipo lilipotokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa tiba angepaswa kulijua. Daktari wa meno Mwingereza, David Shinn, aliandika katika jarida la Lancet habari ya mwanamke aliyekuwa akitibiwa trikomonasi huku akisumbuliwa na vidonda vya fizi, ugonjwa unaofanya fizi zioze, zinuke na kutoka damu zinapoguswa. Mwanamke huyo alipomaliza dawa, fizi zake nazo zilikuwa zimepona. Vidonda vya fizi havisababishwi na trikomonasi bali na bakteria, na daktari mwenye haraka angeliona jambo hilo kuwa bahati tu, lakini Shinn aliijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa wengine wa fizi, nao wakapona. Sifa ya ugunduzi huu ni ya mgonjwa aliyeeleza hali yake yote na ya tabibu aliyemsikiliza hata kwa jambo ambalo hakuwa amemuuliza, na ni adabu ya kazi inayopungua pale mgonjwa anapopewa dakika mbili na karatasi ya dawa.

Kinachounganisha bakteria wa fizi na trikomonasi wa ukeni ni kwamba wote huishi mahali pasipo na oksijeni, au penye oksijeni haba. Viumbe wa namna hiyo hupata nishati kwa kupitisha elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, kwenye protini maalumu, na metronidazoli inapoingia ndani yao huzipokea elektroni hizo na kugeuka sumu inayokatakata DNA yao. Katika chembe za mwili wa binadamu na za bakteria wanaotumia oksijeni mageuzi hayo hayakamiliki, hivyo dawa hupita bila kuzidhuru. Kwa kanuni hiyo moja mtu aweza kujua dawa hii ni ya nini: ni ya trikomonasi, jiardia na amiba, ya kuvurugika kwa bakteria wa ukeni kunakoleta majimaji yenye harufu ya samaki, ya majipu ya meno na ya maambukizi ya ndani ya tumbo ambamo utumbo umetoboka, na huchanganywa na dawa nyingine katika kutibu bakteria wa vidonda vya tumbo. Kwa kanuni hiyo hiyo haiui virusi wala fangasi, wala haitibu U.T.I. ya kawaida, kwa sababu bakteria wanaoisababisha mara nyingi huweza kuishi kwenye oksijeni. Kuhara kwa mtoto mchanga, ambako aghalabu huletwa na virusi, hakuguswi nayo hata kidogo.

Amiba ndiyo inayoonyesha vizuri madhara ya dozi ya kukisia. Mtu mzima anayehara damu, ambaye kipimo cha choo kimethibitisha kuwa ana amiba, huweza kuandikiwa miligramu 800 mara tatu kwa siku kwa siku 5, yaani vidonge viwili vya miligramu 400 kila baada ya saa 8, jumla vidonge 30. Anayenunua vidonge 10 vya miligramu 200 na kuacha damu inapokatika amemeza gramu 2 badala ya 12. Hata aliyemaliza zote 12 bado hajamaliza kazi, kwa kuwa metronidazoli hufyonzwa karibu yote kuingia kwenye damu na kiasi kidogo tu hufika ndani ya utumbo mpana, ambako amiba wamejifunika kwa magamba magumu. Kwa hiyo hufuata dawa ya pili, kama vile diloksanidi, miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 10. Asiyepewa hiyo hupona mwenyewe huku akiendelea kuwaambukiza wanaokula chakula anachokiandaa.

Kuhusu kilevi, onyo lilipata nguvu mwaka 1964, ilipotangazwa kuwa walevi waliopewa dawa hii waliichukia pombe. Ilidhaniwa kuwa inafanya kazi kama disulfiramu, dawa ambayo watafiti wa Denmark waliitangaza mwaka 1948, inayozuia mwili kuvunja sumu itokanayo na pombe, hata mnywaji akapata uso mwekundu, mapigo ya haraka ya moyo na kutapika. Jaribio la Finland la mwaka 2002 halikuona sumu hiyo ikiongezeka kwa wanaume waliopewa vyote viwili, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 wa magonjwa ya zinaa haulazimishi tena kujizuia. Hata hivyo, wapo wagonjwa walioripotiwa kudhurika, nayo maelezo ya kwenye boksi hubaki vilevile: pombe iachwe wakati wa dozi na saa 48 baada yake, mengine yakitaja siku 3. Nusu ya dawa huondoka mwilini kwa takriban saa 8, kwa hiyo baada ya saa 48 hubaki sehemu moja tu kati ya 64. Kichefuchefu cha dawa na cha pombe pia havitofautiani, na asiyejua kipi kimemtapisha hajui kama dozi yake imebaki tumboni.

Madhara ya kawaida ni ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, ulimi wenye utando, kuumwa kichwa na mkojo kuwa wa rangi ya chai, ambao hautishi. Ganzi au kuchomachoma kwa vidole, hasa kwa anayeitumia kwa wiki nyingi, pamoja na kizunguzungu kinachomyumbisha mtu au degedege, humtaka mgonjwa aache dawa na kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie mfamasia kabla ya kidonge cha kwanza, kwa kuwa flajili huizidisha nguvu na kumfanya atoke damu kwa urahisi.

Anayehara maji na aanze na pakiti ya ORS, na anayehara damu apeleke choo maabara kabla ya kwenda dukani.