Ukiumwa na nyoka mguuni shambani: usifunge kamba, wahi hospitali

Leo tuongee kuhusu kifutu. Huyu nyoka mnene hulala kimya njiani na mara nyingi hakimbii akisikia hatua zako. Ukimkanyaga, anauma. Ndiyo maana majeraha yake mengi yapo mguuni.

Msimu uliopita nilikuwa kwenye shamba la nyanya, saa 1 jioni, kijana aliyevaa ndala akaumwa juu ya kidole gumba. Mwenzake akakata kipande cha mpira wa maji amfunge chini ya goti. Nikamzuia. Sumu ya kifutu inaharibu nyama pale ilipoingia na mguu unavimba sana. Ukifunga kwa nguvu, unaibana sumu sehemu moja na kukata damu, nyama inaoza. Watu wamekatwa miguu kwa sababu hiyo.

Tulifanya hivi. Tulimkalisha, hatukumruhusu atembee hata hatua moja, maana msuli ukifanya kazi unasukuma sumu. Tukamvua ndala na kikuku kabla uvimbe haujabana. Mguu tukaunyoosha, tukaweka fito mbili pembeni na kufunga kwa kanga, ila kidole kiweze kupita chini ya kanga. Kwa kalamu nikachora mstari pale uvimbe ulipofikia na kuandika saa. Dakika 20 baadaye ulishavuka mstari. Daktari anahitaji sana taarifa hiyo.

Mwenzake alitaka kwenda kuchukua jiwe la nyoka. Wengi wanaliamini kwa sababu wapo waliowekewa wakapona. Ukweli ni kwamba nyoka anaweza kuuma bila kutoa sumu, kwa hiyo mtu huyo angepona hata bila jiwe. Kuchanja, kunyonya, kumwagia mafuta ya taa au kupiga shoti ya umeme ni kuongeza kidonda tu na kupoteza muda.

Tukamlaza kwenye guta la kubebea nyanya. Njiani nilipiga simu hospitali ya wilaya kuuliza kama antivenomu ipo, maana zahanati nyingi hazina. Kama una bodaboda tu, mgonjwa akae katikati, mtu wa nyuma amshike.

Kwa maumivu mpe parasetamoli, usimpe aspirini wala diklofenaki, zinaweza kuongeza kutoka damu. Akitapika, mlaze ubavu. Kope zikilegea au akipumua kwa shida, huenda ni koboko au swila, hapo ongeza mwendo. Nyoka usimfukuze, picha ya mbali inatosha.

Ukikuta mtu tayari amefungwa kamba ngumu kwa muda, usiifungue ghafla njiani, mwache daktari aifungue.

Yule kijana alichomwa antivenomu usiku huohuo. Mguu ulikaa na malengelenge wiki kadhaa, lakini vidole vyote 5 anavyo. Sasa hivi hifadhi kwenye simu yako namba ya hospitali iliyo karibu yenye antivenomu, na ukimwagilia jioni vaa gambuti na ushike tochi.